Apdeti ya BIOS imenifungia kushusha voltiji kwenye laptopu YANGU, na hakuna aliyeniuliza

Fenikelele (mleta uzi)

Wakuu naandika nikiwa na hasira mnisamehe. Laptopu yangu ya gemu ina prosesa i7-9750H na kadi RTX 2060, ninayo mwaka wa nne sasa. Ilivyotoka kiwandani ukicheza dakika kumi tu prosesa inafika nyuzi 96, feni zinapiga kelele mtu wa chumba cha pili anasikia. Nikajifunza ThrottleStop, programu ya kudhibiti prosesa, nikaingia kwenye FIVR, dirisha lake la voltiji, nikashusha milivolti 125 kwenye `CPU Core` na hiyo hiyo 125 kwenye `CPU Cache`, maana ukishusha moja ukaacha nyingine unakuta haikusaidii kitu. Sikuruka moja kwa moja, nilishuka 10 kwa 10, kila hatua nacheza siku nzima kwanza. Kwenye 140 ikazima na skrini ya bluu, nikarudi 125. Gemu ile ile, fremu zile zile 88, nyuzi 84. Miaka mitatu mashine imetulia.

Wiki iliyopita nimewasha asubuhi nakuta imejiwasha upya usiku, apdeti ya BIOS imekuja kupitia Windows Update, imejiweka yenyewe. Sikubonyeza kitu. Jioni nafungua gemu, nyuzi 97! Nikadhani vumbi, nikafungua nikasafisha, nikabadilisha na pesti, bado 97. Ndipo nikafungua FIVR nakuta juu pameandikwa `Locked` na kwenye jedwali ile 125 imekuwa sifuri. Nasogeza kitelezi, nabonyeza `Apply`, inabaki sifuri.

Maelezo ya apdeti yalikuwa mstari mmoja tu, kwamba wameboresha usalama. Nimejaribu kurudisha BIOS ya zamani, programu yao inakataa, inasema toleo ni la chini. Nimewaandikia walioitengeneza hii mashine, wamenijibu kwamba kubadilisha voltiji "hakupendekezwi". Sikuwauliza kama kunapendekezwa!! Nimeuliza kwanini mmekiondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi kwenye mashine niliyolipia.

Na juu ya hapo betri nayo imekufa. Nilikuwa napata masaa matano na zaidi nikiandika, sasa hata matatu hayafiki. Yani wameniharibia kila kitu kwa mpigo.

---

bwana_wati

Pole sana, hiyo hasira ina haki yake. Ila tutenganishe mambo, maana naona umeweka kesi mbili kwenye faili moja.

Kufungwa kwa voltiji chanzo chake ni Desemba 2019, watafiti walitangaza shambulio lililoitwa Plundervolt. Walitumia mlango ule ule unaotumiwa na ThrottleStop kushusha voltiji kwa makusudi, prosesa ikakosea hesabu ndani ya SGX, ile sehemu iliyofichwa ya kutunza siri, na kwa makosa hayo wakachomoa funguo. Intel wakatoa marekebisho ya kufunga mlango huo kupitia BIOS. Lakini angalia: mshambuliaji lazima awe tayari na mamlaka yote ya mashine yako. Mtu aliyefika hapo keshakumaliza zamani. Ndiyo maana wapo watengenezaji walioacha swichi kwenye menyu ya BIOS ukachague mwenyewe, na wapo waliofunga jumla. Wako ni hao wa pili.

Kingine, kilichofungwa ni voltiji ya prosesa peke yake. Mipaka ya wati sidhani kama wamegusa. Fungua TPL, dirisha la ThrottleStop la mipaka ya wati, uangalie kama PL1, mpaka wa muda mrefu, na PL2, wa muda mfupi, zinabadilika. Na voltiji ya kadi ya grafiki haihusiani kabisa na hili.

---

Kobe99

Mnahangaika bure, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows weka `Maximum processor state` 99%. Turbo inajizima, joto linashuka papo hapo. Mimi natumia hivyo na sina shida wala programu ya ziada.

---

Fenikelele

Kobe99 hiyo nimeijaribu juzi. Kweli joto lilishuka mpaka nyuzi 70, ila prosesa inakwama gigahezi 2.6, gemu likashuka kutoka fremu 88 mpaka 64 na kwenye mji wenye watu wengi linakatakata. Hiyo siyo niliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa na baridi NA spidi.

---

bwana_wati

Kobe hajakosea kwa upande wa betri, amekosea kwa upande wa gemu. Turbo ukiizima unakata hata pale ambapo joto halikuwa tatizo.

Wacha niseme tofauti kwa sababu ndiyo roho ya uzi huu. Umeme unaoliwa na prosesa kwenye spidi ile ile unakwenda na voltiji ikizidishwa kwa yenyewe. Tuseme ilikuwa inakula volti 1.10 ikicheza, wewe ukashusha mpaka 0.975, hapo karibu moja ya tano ya joto imeondoka na spidi hujagusa. Hicho ndicho ulichonyang'anywa na hakuna kitakachokirudisha kamili. Mpaka wa wati ni kitu kingine, unaiambia prosesa usizidi hapa, nayo inapunguza spidi yenyewe mpaka itoshee. Unalipa kidogo. Ila kwenye gemu unalipa kidogo SANA kwa sababu mara nyingi kadi ndiyo inayofanya kazi ngumu, prosesa inakimbia juu bila sababu.

Fanya hivi: TPL, `Long Power PL1` weka 35, `Short Power PL2` weka 50, muda acha sekunde 28. Mashine nyingi zina mipaka ya aina mbili, moja unayoiandika wewe na nyingine inayoandikwa na chipu ya bodi, na inayofuatwa ni iliyo ndogo. Kwahiyo kupanda juu wanaweza kukuzuia, kushuka chini ni ngumu kukuzuia. Halafu fungua dirisha la `Limits` ukiwa unacheza. Ikiwaka PL1 peke yake uko salama, ikiwaka `THERMAL` au `PROCHOT` bado joto ndilo linalokukata, shuka wati nyingine tano.

---

mama_pikseli

Mimi nilishusha voltiji kirahisi tu, nilinunua chaja ya wati 90 badala ya ile kubwa ya 180. Mashine imepoa kabisa na haina kelele. Kwanini mnapitia njia ndefu?

---

bwana_wati

Dada hapo hukushusha voltiji, chaja zote mbili kama ni za mashine hiyo zinatoa volti zile zile. Ulichopunguza ni wati zinazoingia, na mashine ikishagundua chaja ni ndogo inajibana yenyewe. Shida ni pale unapocheza, ikihitaji 120 na chaja inatoa 90, baadhi ya mashine zinachota zilizobaki kwenye betri. Angalia asilimia ya betri ukiwa umechomeka na unacheza, ikiwa inashuka basi unaila betri bila kujua. Rudisha chaja kubwa, weka mipaka ya wati ndani.

---

Fenikelele

Nimefanya TPL. PL1 imekubali! 35 na 50 kama ulivyosema. Nimecheza saa nzima, nyuzi 82, fremu 84. Siyo 88 lakini haikatikati tena, jana ilikuwa ikifika 97 inaporomoka mpaka 60 halafu inapanda. Kwenye `Limits` inawaka PL1 tu.

Na ya kadi nilishaifanya siku ile ile ya hasira. MSI Afterburner, `Ctrl+F` inafungua mchoro, nikachukua nukta ya milivolti 750 nikaipandisha mpaka megahezi 1650, nukta zote za kulia kwake nikazilaza zisipande tena. Kitelezi cha wati chenyewe kwenye laptopu hii ni cha kijivu, hakisogei, ila mchoro unatosha. Prosesa na kadi zinatumia bomba moja la kupozea kwahiyo kadi ikipoa na prosesa inapumua. Afterburner nimeiweka ijiwashe kila Windows ikiwaka.

Sasa betri mkuu. Voltiji ikirudi kawaida si ndiyo inakula betri?

---

bwana_wati

Afterburner inajiwasha kila mara? Basi mwizi wa betri nadhani ni huyo.

Ukiwa unaandika prosesa imelala, voltiji yake iko chini tayari, ile 125 yako pale ilikuwa inaokoa kidogo mno. Haiwezi kukata masaa mawili. Kinachokata masaa ni kadi kubwa kutolala, na programu inayoiuliza joto lake kila sekunde inaiamsha kila sekunde. Chomoa chaja, fungua BatteryInfoView usome `Charge/Discharge Rate`. Kisha funga Afterburner kabisa, hadi pale kwenye ikoni ndogo za pembeni, subiri dakika mbili usome tena.

---

Fenikelele

Ilikuwa 19,000 na kitu. Baada ya kufunga ikashuka 10,000 na kitu. Milivati. Betri yangu imebaki wati-saa 56, yani kutoka masaa matatu kasoro mpaka matano na zaidi, kwa kufunga dirisha moja!! Hilo la betri nawaondolea lawama, nilijifanyia mwenyewe. La voltiji siwaondolei.

---

bwana_wati

Safi. Ukitaka zaidi, hapo ndipo pendekezo la Kobe linapofaa: zima turbo ukiwa kwenye betri tu, ukichomeka inarudi.

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PERFBOOSTMODE 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

---

nukta_tatu

Mimi yangu ni Ryzen, nimeshusha voltiji kwa Curve Optimizer, niliweka -30 kwenye kori zote, nimeipiga jaribio zito masaa sita haikutikisika. Lakini nikiiacha tu na ukurasa mmoja wa kivinjari inajizima na kujiwasha. RAM mbovu?

---

bwana_wati

Mara nyingi siyo RAM. Kwenye mzigo mzito spidi inakuwa ya chini, voltiji inatosha. Ukiiacha, kori moja inaruka spidi ya juu kabisa ghafla, hapo ndipo -30 inapokosa umeme. Fungua Event Viewer, sehemu ya System, tafuta `WHEA-Logger`. Ukikuta namba 18 wakati ule ule ilipojizima, rudi -15 uishi nayo wiki.

---

funguo_bandia

Mleta uzi, kuna njia ya RU.efi, programu ya kuhariri mipangilio ya BIOS, unaiwasha kupitia flashi, unabadilisha thamani iliyofichwa ya `Overclocking Lock` na voltiji inafunguka. Wenzangu wamefanikiwa.

---

bwana_wati

Inawezekana na imewafaa watu. Ila anwani ya thamani hiyo inabadilika kwa kila toleo la BIOS, ukinakili ya mtu mwingine ukaandika mahali siko, mashine inaweza isiwake tena. Lazima utoe BIOS yako mwenyewe uisome. Na siwezi kukuhakikishia kwamba hii mpya itakubali kuandikwa.

---

Fenikelele

Nimeingia kwenye menyu ya BIOS nimezima apdeti zake zinazokuja kupitia Windows, wenye voltiji bado iko wazi fanyeni hivyo LEO kabla ya kulala. Wale wa kampuni nimewaandikia tena, safari hii nimeomba kitu kimoja tu, swichi. Mwenye 9750H aliyefanikiwa na RU.efi kwenye BIOS iliyofungwa aje aseme alitoaje faili lake, mimi sigusi mpaka nimsikie.