Siku kumi kabla ya hedhi nakuwa mtu mwingine. Ni PMS tu au nitafute daktari?

MamaWawili_Moro

Habari zenu wadau. Nina miaka 31, nafundisha shule ya msingi, nimeolewa na nina watoto wawili. Nimekuja hapa kwa sababu nyumbani nimeomba msamaha mpaka neno lenyewe limechuja.

Mzunguko wangu ni wa siku 28 au 29, haunipigi chenga. Ikifika siku ya 18 au 19 tangu nianze kutokwa damu, nabadilika. Matiti kuuma na tumbo kujaa nimezoea tangu sekondari, hayo siyo yaliyonileta. Ni hasira na kilio. Juzi juzi nilimfokea mtoto wa darasa la pili kwa kusahau penseli mpaka akajikojolea. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika mara tatu, zote katika siku hizo, na zote nimezichana hedhi ilipokuja. Maana siku ya pili ya hedhi natulia kabisa, nabaki kushangaa yule alikuwa nani.

Mwezi uliopita ilizidi. Usiku nilitoka nikakaa barazani nikiwaza watoto wangelelewa na nani kama nisingekuwepo. Mama anasema kila mwanamke anapitia haya. Dada zangu nao wanapata hedhi, mbona wao hawachani barua?

Kocha_Mstaafu

Pole sana mwalimu. Mimi ni mwanamume, mniwie radhi kuingia humu. Mke wangu alikuwa hivyo hivyo, hasira za karibu na siku zake. Tulipunguza kahawa na chumvi, akawa anatembea jioni, na hospitali walimwambia atumie madini ya chokaa, yaani kalsiamu. Alitulia. Hiyo ni PMS, wengi wanayo. Usijibandike ugonjwa wa akili bure.

BibiWaChumbageni

Mwanangu, kitu kinachokuja kwa mwezi na kuondoka kwa mwezi, kinachukia mume na kazi yako, sisi Tanga tunakijua. Hilo ni jini mahaba. Tafuta shehe akusomee. Hospitali nenda, sikukatazi, lakini usianzie huko.

Tabibu_wa_Zamu

MamaWawili, mimi ni tabibu, nipo kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa mwaka wa 11 sasa. Nianze na ile ya barazani kabla ya mengine yote. Hayo ni mawazo ya kifo, na hata yakija siku tatu tu kwa mwezi yanatosha kukupeleka hospitali wiki hii. Mwambie mume wako kwa maneno ya wazi, usimfiche. Dawa zilizopo ndani, za presha za mama na zile za wadudu, azishike yeye. Yakirudi kwa nguvu usiku, nendeni dharura usiku huo huo.

Sasa swali lako. Kocha ana ukweli nusu. Aliyoyafanya mkewe yanasaidia PMS, na madini ya chokaa, miligramu 1,200 kwa siku, yana ushahidi wake. Lakini kinachokusumbua wewe kinafanana zaidi na PMDD, aina kali ya PMS inayovuruga hisia. Huu ni ugonjwa unaotambuliwa, uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili mwaka 2013. Hatuutambui kwa matiti kuuma. Tunaangalia kama hasira, huzuni, wasiwasi au kubadilika ghafla kwa hisia kunaharibu kazi na nyumba, na kama kunarudi katika mizunguko mingi ya mwaka. Na zaidi ya hapo, kama kunaondoka.

Hapo kwenye kuondoka ndipo wengi wanapokosea. Watu wanahesabu siku mbaya, mimi huwa nauliza siku nzuri. Wiki inayofuata hedhi ukiwa mzima kabisa, hiyo ni picha ya PMDD. Wiki hiyo nayo ikiwa na huzuni, ila ndogo, basi huenda una sonona ya mwezi mzima ambayo hedhi inaichochea tu, na tiba yake haifanani.

Kwa kukumbuka huwezi kujua, kumbukumbu inadanganya. Chukua daftari la mtoto, ulipige mistari. Siku ya kwanza ya damu ndiyo siku namba 1. Kila usiku andika namba kwa hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi: 1 ni hakuna kabisa, 6 ni kupita kiasi. Weka na mstari mmoja wa jambo lililokwama siku hiyo, kazini au nyumbani. Fanya hivyo mizunguko miwili. Ila hospitali usisubiri daftari lijae, kwa sababu ya lile la barazani.

MchumiDom

Tabibu mbona unamzungusha? Akapime homoni, majibu yatoke, apewe za kusawazisha. Mimi nilimlipia dada yangu vipimo vyote hivyo mwaka jana.

Tabibu_wa_Zamu

Na vilitoka vipi?

MchumiDom

Vilitoka vizuri. Ndiyo maana nashangaa bado analia.

Tabibu_wa_Zamu

Ndugu yangu, ndivyo vinavyotoka. Mwenye PMDD ana homoni sawa na wenzake. Baada ya yai kutoka, projesteroni inapanda, na mwili unaibadilisha kuwa kemikali nyingine ambayo kwa watu wengi hutuliza ubongo. Ubongo wa mwenye PMDD unaipokea vibaya. Kasoro iko kwenye mapokezi, kwa hiyo hakuna cha kusawazisha. Kipimo cha damu nitakachomwombea huyu ni cha tezi ya shingo na wingi wa damu, maana hizo zikiwa na hitilafu humchosha mtu na kumvuruga. Dada yako naye mpe daftari.

Wanjiru_Umoja

Mimi niko Nairobi, nina PMDD, niko kwa dawa mwaka wa pili. Kabla ya hapo nilidungwa ile sindano ya miezi mitatu nikitafuta nafuu, ikanifanya nilie wiki kwa wiki. Sisemi itamfanyia kila mtu hivyo, hiyo ni mimi.

Daktari wa akili alinipa fluoksetini miligramu 20, nusu mwezi tu. Naanza siku ya 15, naacha damu ikianza. Muuzaji wa duka la dawa aliniambia napoteza pesa, ati dawa hiyo inachukua wiki sita kufanya kazi. Kumbe hiyo ni kwa sonona. Kwangu hasira ilishuka mwezi ule ule wa kwanza. Siku tatu za mwanzo nilikuwa na kichefuchefu, na hamu ya tendo la ndoa ilipungua, hilo hakuna aliyeniambia mapema. MamaWawili, muulize daktari akupe hiyo ya nusu mwezi.

Tabibu_wa_Zamu

Wanjiru amesema kweli kuhusu kasi. Kwa PMDD dawa hizi zinaweza kuanza kusaidia ndani ya siku chache, na wanaozimeza nusu mwezi wapo wengi. Lakini msizinunue wenyewe. Mwenye historia ya vipindi vya furaha iliyopitiliza, halali siku tatu na anatumia hela ovyo, anaweza kulipuka akizimeza. Tramado usichanganye nazo. Hata diklofenaki ya maumivu ya hedhi mtaje kwa daktari, zikikutana hizo mbili tumbo linaweza kuvuja damu.

Vipo pia vidonge vya majira vyenye drospirenoni vilivyofanyiwa utafiti kwa tatizo hili. Usidhani majira yoyote yatafanya kazi hiyo, na kama una presha au kipandauso cha kuona vimulimuli, sema kwanza.

MamaWawili_Moro (siku nne baadaye)

Nimekwenda. Daktari wa kwanza, sehemu sitaitaja, hakuniuliza kitu zaidi ya kama nina mimba. Nikatoka na vitamini na maneno kwamba nipumzike. Nikarudi nyumbani nikalia. Kesho yake mume wangu akanipeleka kliniki ya akili, wakanisikiliza nusu saa, wakapima damu, tezi iko sawa. Kwa kuwa nilikuwa siku ya 3 na niko vizuri, tukakubaliana nianze daftari, na mume ana namba ya kupiga mambo yakichafuka. Bibi wa Chumbageni, na shehe amenisomea, ili usinune.

BibiWaChumbageni

Sijanuna mwanangu. Namba ya kupiga iandikeni ukutani, simu huzima chaji.

MamaWawili_Moro (miezi miwili baadaye)

Tabibu, daftari hili hapa, nimelifupisha. Mzunguko wa kwanza: siku ya 5 mpaka 14 hasira 1, huzuni 1, mara moja 2. Siku ya 19 hasira 3, siku ya 22 imefika 5, siku ya 26 na 27 ni 6 zote mbili. Siku hizo mbili sikwenda kazini. Hedhi imekuja, siku ya pili nimeandika 2, siku ya nne 1.

Mzunguko wa pili hasira ni vile vile. Ila huzuni wiki ya baada ya hedhi niliandika 3, 3, 2, 3. Ndiyo hiyo sonona uliyosema?

Tabibu_wa_Zamu

Mzunguko wa kwanza ni PMDD ya kufundishia wanafunzi. Kuhusu wa pili, kwenye mstari wa yaliyotokea uliandika nini wiki hiyo?

MamaWawili_Moro

Tulimzika shangazi.

Tabibu_wa_Zamu

Basi zile 3 huenda ni msiba tu, na huenda sizo. Kwa mizunguko hii miwili siwezi kukuapia. Andika wa tatu.

Wanjiru_Umoja

Kwa hivyo angojee mwezi mwingine akiumia? Si aanze tu ile ya nusu mwezi, daftari liendelee.

Tabibu_wa_Zamu

Kungojea hapana, hapo uko sahihi. Nusu mwezi ndipo ninaposita. Ikiwa chini kuna sonona, kumeza nusu mwezi kutaiacha nusu nyingine bila tiba. Aliyemwona ana kwa ana ndiye wa kuamua.

MamaWawili_Moro (wiki moja baadaye)

Daktari ameamua nimeze kila siku, miligramu 20 asubuhi, kwa sababu ya yale mawazo na kwa sababu wiki ya msiba imemchanganya naye. Nirudi baada ya wiki mbili aone kama yale mawazo yamezidi au yamepungua, kisha daftari la tatu ndilo litasema kama tunashuka kwenye nusu mwezi. Leo ni siku ya tano ya dawa, kichefuchefu kipo, na nipo siku ya 20.

Jambo moja. Daktari alimwomba mume wangu naye awe anaandika namba zake pembeni, bila kuniona nilivyoandika. Jana usiku tukalinganisha. Hasira mimi nilijipa 3, nikijiona nimejitahidi. Yeye kaweka 5, na chini kaandika "sahani".

Kocha_Mstaafu

Hiyo ya sahani naifahamu. Ngoja nimuulize mama watoto kama na yeye angependa niandike.