Mashine ya kukimbilia inayouzwa Mwanga: itambeba baba wa kilo 112?

Rehema, Calgary

Ndugu zangu wa mwisho wa reli, habari za huko mliko. Naomba macho yenu. Daktari amemwambia baba atembee nusu saa kila siku, na barabara ya kwetu Ujiji ina mawe, magoti hayamruhusu. Mdogo wangu amepata mashine ya kukimbilia ya mtumba pale Mwanga, kanitumia picha moja. Ni nyeusi, inakunjwa, jina la kampuni limefutika, na juu ya kofia ya mbele imeandikwa 3.0 HP. Muuzaji anasema inabeba kilo 150. Baba ana kilo 112. Kuna anayeitambua? Huku nako jirani yangu anaachia ya kwake kwa bei ya chee, ila mpaka ifike Kigoma ni safari.

Hamisi, Oslo

Dada Rehema, wewe angalia mota tu. Ikiwa 2.5 kwenda juu, chukua. Hiyo ya picha inafanana kabisa na yangu, hata vishikio ni vile vile. Mimi nina kilo 105 na natembea juu yake kila jioni bila tatizo.

Mama Zuhura, Leicester

Jamani na mimi nisaidieni hapo hapo. Mwanangu wa Kasulu anataka nimletee dambeli. Kwenye picha ya duka kila moja imeandikwa 40. Begi ninaruhusiwa kilo 23, si nitalipishwa?

Bakari, Leeds

Mama Zuhura, shikamoo. Kuza picha utafute herufi `LB` pembeni ya hiyo 40. Zikiwepo, ni ratili, na dambeli moja ina kilo 18 na kidogo. Ukiiweka kwenye begi hubaki na nafasi ya maana, na mbili haziingii kabisa. Mnunulie vyuma hukohuko nyumbani.

Dada Rehema, nimefanya matengenezo ya mashine hizi kwenye majumba ya mazoezi, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu kidogo. Usimtafute mwenye jina. Mashine za nyumbani za umbo lile hutoka kiwandani zikiwa pacha, kisha kila muuzaji anabandika jina lake, na ndani mota, ubao na chuma vinaweza kuwa tofauti. Ya kaka Hamisi inaweza kufanana na hii kwa nje tu.

Kwenye picha yako nimeangalia sakafu. Zile tailizi zinaonekana ni za sentimita 40, na mkanda umelingana na tailizi moja. Lakini mkanda uko juu ya sakafu, uko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo unaonekana mpana kuliko ulivyo. Nakadiria sentimita 38. Mtu mzima mzito anayetembea huku magoti yanamuuma anahitaji 45 au zaidi, maana hatembei kwa mstari ulionyooka. Na mkanda mwembamba mara nyingi huendana na fremu nyepesi.

Mwambie mdogo wako achukue futi apime mkanda wenyewe, bila ile reli ya plastiki ya pembeni. Halafu aikunje mashine apige picha chini yake, na apige picha karibu na swichi kubwa ya umeme. Stika ya kiwanda mara nyingi iko pale, au kwenye fremu ya mbele. Namba zilizo juu ya kofia ni za kuvutia mteja.

Rehema, Calgary

Amepima, ni sentimita 39. Stika ameipata upande wa swichi, imechakaa ila inasomeka:

```
220-240V~ 50/60Hz 1100W
CLASS HC
MAX USER WEIGHT 110 kg
```

Muuzaji bado anasisitiza 150, anasema stika ni ya Wachina wanaoogopa kesi.

Bakari, Leeds

Basi stika imejibu. Anza na wati. Nguvu moja ya farasi ni wati 746 hivi. Mashine inayovuta wati 1100 haiwezi kutoa nguvu 3 kwa mfululizo, kwa sababu nguvu 3 ni zaidi ya wati 2200. Hata bila kupoteza chochote njiani ingefika 1.5. Ile 3.0 ni ya kilele, sekunde chache tu, na ndiyo maana nasema ushauri wa kaka Hamisi ni mzuri pale tu namba inapotajwa kuwa ni ya kazi ya mfululizo. Hiyo `H` kwenye daraja ni matumizi ya nyumbani, na `C` inahusu usahihi wa vipimo vya kwenye kioo, haihusu uzito.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: mtu mzito anayetembea polepole huichosha mota kuliko mwepesi anayekimbia. Kila mguu ukitua, mkanda unabanwa kwenye ubao na msuguano unapanda, na kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa mota inazunguka taratibu, feni yake haipozi vizuri, huku inavuta umeme mwingi. Baba yako ndiye mteja wa namna hiyo hasa. Dalili utaziona: mkanda unasita kidogo kila mguu unapotua, harufu ya kuungua, na vumbi jeusi chini ya kofia. Baadaye kadi ya umeme inaungua.

Hamisi, Oslo

Kaka Bakari, nimeelewa. Ila kilo mbili tu zimezidi? Viwanda si huacha akiba? Baba akitembea bila kukimbia naona itavumilia.

Bakari, Leeds

Akiba ipo, lakini ni ya mashine mpya yenye ubao mzima. Hii ni ya mtumba, na katika picha ya chini naona ubao umeng'aa katikati, pale mguu unapotua. Mimi napenda kikomo kizidi uzito wa mtu kwa kilo 20 angalau, yaani kwa mzee kuanzia 132. Kwa bei yoyote, hii nisingeinunua kwa ajili yake.

Rehema, ya jirani yako stika inasemaje?

Rehema, Calgary

`120V 60Hz 12A`, `MAX USER WEIGHT 300 LBS`. Mkanda sentimita 51.

Bakari, Leeds

Ratili 300 ni kilo 136, mkanda unatosha, kwa uzito inamfaa. Shida ni umeme: nyumbani ni volti 230, ukiichomeka hivyo hivyo kadi inakufa papo hapo. Itahitaji transfoma ya kushusha. Volti 120 kwa ampea 12 ni wati 1440, na mota inapoanza huvuta zaidi, kwa hiyo usichukue chini ya wati 3000. Transfoma hiyo nayo ni nzito na ina bei yake. Jumlisha meli hadi Dar, kisha treni au lori hadi Kigoma, ndipo ulinganishe na mashine ya volti 230 kutoka Dar.

Mama Zuhura, Leicester

Rehema mwanangu, na baiskeli ya mazoezi? Magoti yakiuma, kukaa ni nafuu. Nimeona moja inauzwa Kigoma hapo, imeandikwa kilo 18.

Bakari, Leeds

Mama, hiyo 18 karibu hakika ni uzito wa gurudumu la chuma la mbele, si wa mtu. Kwenye picha ya baiskeli tazama nguzo ya kiti: bomba jembamba lenye pini moja kwa mtu wa kilo 112 litaanza kucheza mapema. Ila wazo lako si baya, daktari wa baba ndiye aseme kama goti linakubali kupiga pedali.

Rehema, Calgary

Ya Mwanga nimemwambia mdogo wangu aiache. Baba hataki kusikia baiskeli, anasema daktari alisema kutembea. Kesho mdogo wangu anamuuliza daktari, na mimi naulizia bei ya kontena. Kama kuna mtu ana nafasi kwenye kontena la kwenda Dar mwezi ujao, anitumie ujumbe.