Wajukuu wa Babu Omari (kikundi cha familia, Lamu)

Fahmi: Asalaam aleikum jamaa. Swaleh kaniruhusu niseme, presha yake imekutwa juu sana na ana miaka 34 tu, kliniki wamemuuliza habari za watu wa kwao akajibu hajui kitu. Sasa nakaa nachora genogramu yetu, Babu na wakeze, watoto wao, halafu sisi wajukuu. Mwanamume ni mraba, mwanamke duara, aliyekufa namtia alama ya X na umri wake. Nataka mniambie kila mtu alikua akiumwa nini KABLA hajafa, msiniandikie "siku zake zilifika" basi

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Babake Swaleh, Athmani wetu Allah amrehemu, alishika kichwa baada ya alasiri akasema kinampasuka, magharibi haikumkuta. Hata 45 hajafika. Watu wakasema jicho

Fahmi: Presha alikua nayo?

Shangazi Zuhura: Vidonge alikua akinywa akiacha

Ami Twalib: Fahmi unajisumbua, presha kila nyumba ya Lamu ipo, ni papa mkavu na chumvi nyingi

Fahmi: Chumvi inachangia ami, sikatai. Lakini presha ya mtu wa miaka 30 na kitu lazima itafutiwe sababu. Na upande wa Matondoni jee? Kwa bibi mdogo sina hata mraba mmoja

Mwanaesha: Mamangu alikufa na figo. Alianza presha kijana, halafu tumbo likawa kama limejaa mawe ubavuni kote kuwili, akaishia kwenye dayalisisi Mombasa, 52. Nyinyi wa Mkomani hamkujua kwa sababu hakuna aliekuja

Shangazi Zuhura: Inna lillahi. Figo sikuambiwa

Fahmi: Pole sana Mwanaesha. Shangazi, na Babu mwenyewe?

Shangazi Zuhura: Alivimba miguu, kabla ya hapo miaka mingi akikojoa damu kisha inakatika. Kafa 58

Fahmi: Haya tazameni ramani sasa. Athmani ni wa bibi mkubwa, mamake Mwanaesha ni wa bibi mdogo, na hao mabibi hawana damu moja kabisa, huyu mtu wa Siyu yule wa Matondoni. Wagonjwa wako nyumba zote mbili, wanaume na wanawake, kila kizazi. Anaewaunganisha ni Babu peke yake. Kama angekua na mke mmoja nisingejua imetoka kwake au kwa bibi. Kuna ugonjwa wa figo kuota vifuko vya maji, unakwenda hivi hivi, na wenye nao wengine mshipa wa kichwani hupasuka ghafla. Sisemi ndio huo, nasema Swaleh apigwe utrasaundi ya figo na hii karatasi aende nayo

Rukia: Mimi nilinyonya kwa bibi mkubwa, na juzi mgongo unaniuma sana, jee nami nimo 😟

Fahmi: Rukia wewe ni ndugu yetu wa kunyonya, kuoana hatuwezi, lakini ugonjwa huu haupiti kwenye maziwa. Nimekuchora kwa mstari wa vidoto. Mgongo kaangaliwe kwa habari yake

Ami Twalib: Mimi nina 61 mzima. Basi wanangu wataruka wakapate wajukuu?

Fahmi: Huu hauruki ami. Mwenye nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu, na kila mimba inaanza hesabu upya, wa kwanza akiupata haimaanishi wa pili kasalimika. Wewe ukipigwa picha kwa umri huo figo zikawa safi, wanao hawana cha kurithi kwako

Mwanaesha: Ndugu yangu wa 22 alipigwa picha akaambiwa safi

Fahmi: Kwa 22 bado mapema, vifuko huenda havijakua vikaonekana. Arudie baadae, na presha apime kila mwaka

Shangazi Zuhura: Fahmi nimeona ile uliomtumia Swaleh, baina yangu na mamake Mwanaesha umechora mstari uliokatwa. Mambo ya shamba la minazi daktari yanamuhusu nini?

Fahmi: Sikuandika shamba, nimeandika hawakua wakisemezana. Swaleh aliwaambia kliniki "kwetu hakuna figo" na hakusema uongo, hakujua. Daktari akiuona ule mstari anajua upande mzima haujaulizwa

Shangazi Zuhura: Mimi sijaridhika. Ufute

Fahmi: Tutazungumza shangazi nikija nyumbani. Karatasi ni ya faili la Swaleh, hapa siitii. Amebaki Ami Shee aliekwenda Oman, mraba wake nimeuwekea alama ya kuuliza, wanawe wako Maskati, nani ana nambari?

Mwanaesha: Ninayo. Niitie hapa?

Fahmi: Nitumie mimi, sio hapa