Maji ya Dunga yanageuzwa vigae kila nikipakia video, nimechoka!

JichoLaZiwa, Kisumu
Jamani, nimepiga mashua zikirudi Dunga jioni, maji yanameremeta, kwa kompyuta iko safi kabisa. Kupakia tu, ziwa limegeuka vigae vya kijivu vinavyorukaruka, na wavu wa mvuvi haujulikani ni wavu ama ni ukungu. Ni 4K ya kusimama, fremu 50 kwa sekunde, bando limeteketea bure. Mteja wangu wa hoteli anauliza kama kamera ni ya mtumba! Hawa watu wa mitandao wanatuchukulia aje?

kinyozi_dijitali
Punguza MB zifike chini kabisa. Ikiwa ndogo hawaigusi.

mama_kwaya, Nakuru
Hata zangu za kwaya nikizituma kwa WhatsApp zinafika zimefifia. Ama ni simu yangu?

fundi_mitambo
Kinyozi, wanaigusa tu. Kila video hubanwa upya, kubwa kwa ndogo. Ukiikondesha wewe kwanza, wanabana uchafu juu ya uchafu. Cha kupunguza ni vipimo vya picha, ubora uache.

JichoLaZiwa, adui wako ni maji. Kubana video ni kuandika kile kilichobadilika tu tangu fremu iliyopita. Ukuta haubadiliki, kwa hivyo hauli data. Ziwa linalometameta hubadilika kila mahali kila wakati, na data uliyotengewa kwa sekunde haitoshi, basi vitu vidogo ndivyo vinatupwa kwanza: viwimbi, nyuzi za wavu. Na jioni lazima ulipandisha ISO. Zile chengachenga za giza zinakula data vilevile, na hakuna anayezitaka.

Kwa hivyo futa chenga, punguza vipimo vya picha mwenyewe, na utoke fremu 50 uende 25. Hapo inaachwa fremu moja kila baada ya moja. Ukienda 30, mashua itagugumia.

```
ffmpeg -i dunga.mov -r 25 -vf "scale=1080:1920,hqdn3d=2" \
 -c:v libx264 -preset slow -crf 17 -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart dunga.mp4
```

Sura ya mvuvi ikiwa kama plastiki, punguza hiyo namba ya `hqdn3d`, ndiyo inayofuta chenga.

Mama, yako ni tofauti. WhatsApp inaibana kwa simu yako kabla haijatoka. Itume kama dokumenti.

JichoLaZiwa
Nimejaribu. Wavu sasa una nyuzi! Lakini pale jua linapogonga maji, vigae bado viko.

kinyozi_dijitali
Ongeza ukali wa picha basi.

fundi_mitambo
Wee, acha! Ukali unaongeza kingo, na kila kingo inataka data yake. JichoLaZiwa, ngoja kidogo kabla ya kuhukumu, mara nyingi nakala hafifu ndiyo hutangulia kuonekana. Ikibaki hivyo, tafuta shoti ambayo mashua imejaza kioo na maji ni kidogo.

JichoLaZiwa
Hoteli ililipia maji.

mama_kwaya, Nakuru
Hiyo dokumenti iko wapi? Naona picha na kamera tu.