Naomba ushauri: Nimeandikiwa "kama tulivyojadiliana jana" ilhali sikuwapo

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Leo asubuhi nimepokea baruapepe kutoka kwa mwenzangu wa idara nyingine, nakala kwa mkuu wangu, isemayo: "Kama tulivyojadiliana jana, tafadhali ondoa kipengele cha tatu kwenye rasimu na uitume kwa mteja leo." Jana sikujadiliana na mtu yeyote kuhusu rasimu hiyo, wala sikualikwa kikaoni. Huenda ujumbe uliandikwa kwa waliohudhuria, kisha jina langu likaongezwa kwa kuwa rasimu ninayo mimi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba nikitekeleza kimya kimya, maandishi yatabaki yakionyesha kuwa nilishiriki uamuzi huo, na kipengele chenyewe kinahusu muda wa malipo, si jambo dogo. Nimeandaa jibu hili: "Sikuwapo kwenye mazungumzo ya jana. Naomba unijulishe nani aliidhinisha kuondolewa kwa kipengele cha tatu, nami nitaituma rasimu mara nikithibitishiwa." Je, nilitume kwa wote, mkuu akiwemo, au kwa mwandishi peke yake, asije akaona namuumbua mbele ya wengine?