Video ya kalafati inaletewa mashabiki wa mpira. Niweke hashitegi gani?

Kijana_wa_Dunda
Wadau, habari za jioni. Nina chaneli ndogo YouTube, naweka video fupi za mafundi wa huku kwetu Bagamoyo. Ya mwisho ni fundi anatia kalafati mashua pale ufukweni, yaani anaziba mianya ya mbao, sekunde 48, nimerekodi simu ikiwa wima, nyundo inasikika vizuri kabisa. Shida yangu ni moja: wanaoletewa video ni watu wa mpira. Mmoja kaniuliza kwenye maoni "magoli yako wapi?", wengine wanapitiliza tu. Naombeni hashitegi zitakazofanya mtandao uelewe kwamba hii ni video ya ufundi wa vyombo vya bahari. Kuna jamaa anauza pakiti ya hashitegi kwa 15,000. Nafikiria kuifuta hii na kuipandisha upya na pakiti yake. Mnasemaje?

Ngalawa_Kavu
Kwani fundi kavaa jezi? 😂

Nusu_Shilingi
Mkuu, umesahau #shorts. Bila hiyo video haihesabiwi kuwa fupi, inazama. Ongeza na #viral na #fyp, halafu zote za Kiingereza, maana huo mtandao Kiswahili haukielewi.

BintiNgamiani
Samahani kuingilia, mimi niko Tanga, napika vitumbua na kuvirekodi. Na mimi hashitegi zangu hazileti mtu. Niweke #chakula au #mapishi?

Mezani_Studio
@Kijana_wa_Dunda kabla hatujafika kwenye hashitegi, bandika hapa kichwa cha video na maelezo kama vilivyo. Usivisafishe.

Kijana_wa_Dunda
Ni vya kawaida tu kaka, mambo ya ufundi na utalii. Hashitegi kiasi.

Mezani_Studio
"Kiasi" ndiyo ngapi? Bandika.

Kijana_wa_Dunda
Haya.

```
HATA YANGA HAWAWEZI HII 🔥🔥 part 1
#yanga #simba #magoli #bongoflava #fyp #viral
#utalii #pwani #bagamoyo #ufundi wa mashua
```

Hapo nimekata, zote ni sabini na kitu, nilizichukua kwenye kundi la WhatsApp. Lakini wadau tuwe wakweli, Yanga ndiko kwenye watu. Nikiandika "mashua" nani atakuja?

Ngalawa_Kavu
Magoli yako wapi, na mimi nauliza.

Mezani_Studio
Sasa tunaongea. Hashitegi zako hazijaleta mtu wa mpira hata mmoja, kwa sababu hazifanyi kazi kabisa. YouTube ikikuta zaidi ya 60 kwenye video moja inazipuuza zote, hata zile za maana. #bagamoyo yako imekufa pamoja na #viral. Ukiongeza pakiti ya jamaa juu yake unaongeza maiti.

Kilicholeta watu wa mpira ni kichwa. Ndani yake hakuna neno mashua, hakuna kalafati, hakuna fundi. Jina pekee lenye maana pale ni Yanga. Mtu anatafuta mchezo wa jana, anaiona yako, anafungua, anakuta nyundo na mbao, anaondoka. Na kwenye Shorts kuondoka huko ndiko kunakoumiza zaidi, kwa kuwa mtandao unaangalia sana kama mtu amebaki kutazama au amepitiliza. Ukiitisha watu wasiohusika, wao wenyewe wanauambia mtandao kwamba video haipendwi.

Usiniamini mimi, fungua YouTube Studio. Ingia kwenye hiyo video, Analytics, halafu sehemu inayoonyesha watazamaji wametokea wapi. Angalia `YouTube search` na `Hashtag pages`. Ukigusa ya kwanza utaona maneno waliyoandika. Yalete hapa.

@BintiNgamiani dada yangu, #vitumbua. #chakula ina kila kitu kuanzia pilau mpaka chakula cha ng'ombe. Na neno vitumbua liwe kwenye kichwa kwanza.

Mzee_wa_Kaole
Kijana, jina la timu kwenye kazi ya fundi ni udanganyifu. Umemwita mgeni arusini ukamkalisha matangani. Hata kama mtandao usingekuadhibu, si adabu.

Kijana_wa_Dunda
Shikamoo mzee. Lakini kila mtu anafanya hivyo.

Mezani_Studio
Wanaofanya hivyo wanabahatisha. Kuweka hashitegi au kichwa kisichohusiana na video ni kinyume cha masharti ya YouTube, na video inaweza kuondolewa.

Kipanga_Macho
Ngojeni kwanza. Huyu ana akaunti mpya, hajaweka kiungo cha video, na kwenye posti yake ya kwanza kabisa katutajia pakiti na bei yake. Mimi nasema hakuna mashua wala fundi. Huyu ndiye muuza pakiti, anasubiri mtu aulize "inapatikana wapi?"

Ngalawa_Kavu
Inapatikana wapi? 😂😂

Nusu_Shilingi
Kweli bwana. Na mbona alificha hashitegi mpaka akabanwa?

Kijana_wa_Dunda
Jamani! Nilificha kwa aibu, nilijua mtanicheka. Kiungo sikuweka ili nisiambiwe natafuta watazamaji.

Mzee_wa_Kaole
Hilo tunalijua dakika hii hii. Kama ulisimama pale ukapiga picha, niambie fundi alianza na nini na akamaliza na nini.

Kijana_wa_Dunda
Alianza kwa kukwangua mianya ya mbao, akatoa pamba kuukuu iliyooza. Pamba mpya aliisokota kwenye paja ikawa kama utambi mrefu, akailoweka mafuta ya nazi. Kisha akaiingiza kwenye mwanya kwa patasi butu, si kali, kali inaikata. Anagonga kidogo kidogo anasogea, na akifika mwisho anarudia kugonga mpaka sauti inabadilika, inakuwa ngumu, ndipo anajua imebana. Juu mbao zikapakwa sifa, ile ya mafuta ya papa inayonuka. Chini, panapokaa majini, walikuwa bado, alisema watapaka deheni kesho yake.

Mzee_wa_Kaole
Huyu alikuwepo. Mwacheni.

Kipanga_Macho
Kuwepo ufukweni hakumzuii mtu kuuza pakiti. Naendelea kutazama.

Mezani_Studio
@Kijana_wa_Dunda umeona ulichoandika sasa hivi? Pamba, patasi, sifa, deheni, mianya ya mbao. Hayo ndiyo maneno yanayoueleza mtandao, na hata moja halimo kwenye video yako. Umeyaandika kumjibu mzee, kwenye maelezo ukaweka moto na Yanga.

Usiifute. Kichwa na maelezo vinabadilishwa ndani ya Studio wakati wowote, kiungo na maoni yanabaki. Andika hivi:

```
Kutia kalafati mashua ya mbao kwa pamba na sifa, Bagamoyo

Fundi anasokota pamba, anailoweka mafuta ya nazi na
kuigonga kwa patasi butu kwenye mianya ya mbao ili
mashua isiingize maji.
#kalafati #mashua #bagamoyo
```

Kwa nini tatu? YouTube huonyesha hashitegi zisizozidi tatu za kwenye maelezo karibu na kichwa, na tatu zinakulazimisha kuchagua. Ya kwanza inataja kitendo chenyewe, ya pili kinachofanyiwa kazi, ya tatu mahali. #pwani nimeitoa makusudi: wewe unamaanisha mkoa wenu, wa Mombasa na Kilifi wanamaanisha kwao, na ukurasa mmoja unabeba yote. Kabla ya kutumia hashitegi yoyote iguse kwanza uone video zilizomo. Kama ukiziweka pembeni ya yako zingeonekana za jamii moja, itumie. Kama sivyo, iache hata ikiwa na mamilioni.

Na ile "#ufundi wa mashua" imekatika kwenye nafasi ya kwanza. Mtandao umesoma #ufundi peke yake, mengine ni maneno ya kawaida. Ukiitaka, iunganishe: #ufundiwamashua.

Nusu_Shilingi
Na #shorts je?

Mezani_Studio
Si lazima. Video ya wima au ya mraba isiyozidi dakika 3 inaingia Shorts yenyewe. Kikomo kilikuwa sekunde 60 mpaka Oktoba 2024, kikaongezwa. Ukiiweka haidhuru, ila inakula nafasi bila kusema video inahusu nini.

Kijana_wa_Dunda
Kuna kile kisanduku kingine cha tegi, kile kisichoonekana kwa watazamaji. Nimekijaza majina ya wachezaji.

Ngalawa_Kavu
Kila tukimbana anatoa kingine. Mtamkuta ana refa mfukoni.

Mezani_Studio
Yatoe. Kisanduku kile kinachukua herufi 500, lakini YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo sana, faida yake kubwa ni maneno ambayo watu huyakosea kuandika. Kwako kina kazi hasa, maana nusu ya watu wataandika kwa "r":

```
kalafati, karafati, kalfati, kukalafati mashua, kukarafati
```

Basi, liache hapo, usikijaze. Na orodha hiyo isihamie kwenye maelezo. Kumwaga rundo la tegi kwenye maelezo nako hakuruhusiwi.

Nusu_Shilingi
Mimi bado nasema ya Kiingereza. Wageni wanapenda majahazi. #dhow ina watu wa dunia nzima.

Mezani_Studio
Hapo una nusu ya haki. #dhow inahusu kitu kile kile, kwa hiyo si uongo. Swali ni kama atakayekuja ataelewa. Video hii ni mikono na nyundo, haina maneno mengi, mgeni anaweza kubaki. Ile ambayo fundi anaeleza kwa Kiswahili sekunde zote 48, mgeni ataondoka, na tunarudi kwenye shida ya watu wa mpira.

Mzee_wa_Kaole
Mashua si jahazi, lakini sawa.

Nusu_Shilingi
Kwa hiyo aweke?

Mezani_Studio
Kwenye hii ningeijaribu kama ya nne. Sina hakika italipa.

Kijana_wa_Dunda
Nimefungua Studio. `YouTube search` maneno yaliyoandikwa ni "yanga leo", "magoli ya yanga", "yanga simba". `Hashtag pages` haipo kabisa kwenye orodha. Lakini kaka, nikitoa Yanga si watazamaji watapungua?

Mezani_Studio
Watapungua, ndiyo. Hao hawakuwa wakitazama. Badilisha leo, halafu fungua ukurasa huo huo wiki ijayo usome maneno mapya. Likitokea "kalafati" au "kutengeneza mashua" hata mara chache, mtandao umeshaelewa. Lisipotokea, jua pia kwamba wanaotafuta kalafati kwa siku si wengi, hiyo si kosa la hashitegi. Na video ijayo fundi alitaje neno kalafati mapema, nawe uliandike kwenye skrini tangu mwanzo, ili anayepita ajue anatazama nini kabla kidole hakijasogea.

Kijana_wa_Dunda
Nimebadilisha kichwa. Hashitegi nimeweka tatu zako na #dhow. Yanga nimeibakiza moja tu, mwishoni kabisa.

Mzee_wa_Kaole
Astaghfirullah.

Kipanga_Macho
Na pakiti umenunua?

BintiNgamiani
Kaka Mezani, na "vitumbua" watu huandika "vitumbuwa". Hiyo iende kwenye kisanduku au kwenye kichwa?

Mezani_Studio
Kisanduku, dada. Kijana, itoe hiyo moja.