Naomba ushauri: nimeibiwa ndani ya chumba cha gesti kilichofungwa, Kigoma

Habari wakuu. Nilipanga gesti moja hapa Kigoma mjini, nikajiandikisha kwenye kitabu cha wageni na kupewa risiti. Asubuhi nilifunga chumba, nikaacha ufunguo kaunta kama wanavyotaka, nikaenda Ujiji. Kurudi jioni, laptopu na shilingi 350,000 hazipo.

Kitasa hakina mkwaruzo na nondo za dirisha ziko sawa, kwa hiyo aliyeingia alitumia ufunguo. Mhudumu alikiri kuwa funguo za akiba hutundikwa nyuma ya kaunta, na zamu ya mchana huwa ya mtu mmoja anayefanya na usafi. Yaani kaunta hubaki wazi! Nimeripoti polisi, nina RB, na kitasa nimekipiga picha kabla fundi hajakigusa.

Mwenye gesti ananionyesha kibandiko nyuma ya mlango wa chumba: "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali isiyokabidhiwa kaunta." Mimi nilikiona baada ya kulipa, kaunta hakuna tangazo, na kwenye risiti hakuna. Naelewa kwamba fedha sikuwakabidhi, hapo ana hoja. Lakini ufunguo niliwakabidhi, na uzembe wa kuutunza ni wao.

Waliopitia haya au mnaojua sheria: kibandiko kama hicho kinamkinga kweli? Laptopu nina risiti ya dukani, fedha sina ushahidi. Nidai vyote, au nishikilie laptopu tu? Na nianze na barua ya madai, au niende moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo?